Kumwuliza "nile wapi?"

Wengi huamini: "Ukimwomba unayempenda akutajie mgahawa au kitabu, atakuona hujui kitu."

Mara nyingi huwa kinyume: mtu akiombwa ushauri katika jambo analolijua, humwona mwulizaji ana busara. Kinachokwamisha ni swali pana. "Mgahawa gani mzuri?" huleta jina moja, mazungumzo yakaishia hapo. Jaribu hivi: "Mama anakuja Mombasa Jumamosi, na hali pilipili. Biriani nimpeleke wapi?" Hapo naye atataka kujua mtaa, bei, mko wangapi. Kisha nenda kweli, urudi na habari za ule mchuzi. Usipokwenda hugundulika (mimi nilishikwa). Kupima kama anavutiwa nawe ni rahisi: je, naye anakuuliza chochote? Akijibu kwa neno moja mara mbili, hiyo ni adabu tu.