Je, wajua? Skrubu ya kabureta haileti petroli

"Mbona pawasoo yangu ikiwa hewani yapiga resi vizuri, lakini nikiitia mtini na kubana resi mpaka mwisho yazama na kuzima? Skrubu nishaifungulia sana, wapi!"

Mara nyingi ugonjwa huu hauko kwenye skrubu, uko nyuma yake. Kuna kitu kinachozuia petroli kabla haijaifikia: filta ya tangini, mpira wa petroli, au kijiwavu kidogo kilichofichwa ndani ya kabureta, ambacho watu wengi wanaomiliki mashine hizi hawajawahi kukiona.

Nami niliamini kwa miaka kadhaa kwamba skrubu ya H ndiyo mfereji wenyewe. Mashine ikionyesha kiu, unafungua. Ikitoa moshi, unafunga. Imani hiyo inatokana na ukweli nusu. Skrubu ya H kweli ndiyo inayopima petroli ya resi ya juu, na ya L inapima ile ya mngurumo wa chini na ya ule mruko wa kwanza unapobana resi. Lakini kupima si kuleta. Muuza maziwa anaweza kubadilisha kipimo kutoka kikombe kidogo hadi kikubwa, na ndoo ikiwa tupu hatakupa zaidi.

Kosa hili huwanasa hasa mafundi waliojifunzia kwenye pikipiki. Kabureta ya bodaboda ina bakuli chini na boya ndani yake, na tangi liko juu, kwa hiyo petroli hushuka yenyewe. Pawasoo haiwezi kutumia bakuli, kwa sababu mkataji huilaza ubavu, na mara nyingine huipindua kabisa. Badala yake ina viwambo viwili vyembamba. Kimoja ni pampu: mapigo ya hewa kutoka chini ya pistoni hukitikisa, nacho hufyonza petroli kutoka tangini. Cha pili hukaa juu ya chumba kidogo cha akiba. Petroli ikipungua humo, kiwambo huvutwa ndani, husukuma kijiti, na kijiti hufungua sindano ili petroli nyingine iingie. Kati ya pampu na sindano ndipo kilipo kile kijiwavu.

Sasa fikiria pipa dogo la maji uani, siku ambayo mfereji unatiririka uzi mwembamba tu. Ukichota kata moja moja kwa kupumzika, pipa halikauki. Kila ukirudi unakuta limejaa tena. Hutajua kamwe kwamba mfereji una tatizo. Siku ya kufua, unachota ndoo kwa ndoo bila kupumzika. Ndoo za kwanza zinatoka vizuri, kisha kata inaanza kukwaruza sakafu ya pipa. Hapo ukiamua kutafuta kata kubwa zaidi, utalimaliza pipa mapema zaidi. Kufungua skrubu ya H ni kutafuta kata kubwa.

Nambari zinasaidia kuona jambo hili lilivyo la haraka. Injini ya cc 60 ikifanya kazi kwa nguvu zote hunywa karibu lita 2 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya nusu mililita kila sekunde. Chumba cha akiba hakishiki hata kijiko cha chai. Tuseme kuna mililita moja ya kutumika humo, na kijiwavu kilichoziba kinapitisha robo mililita tu kwa sekunde. Pengo ni kama mililita 0.3 kila sekunde, na ndani ya sekunde tatu au nne akiba imekwisha. Hii ni hesabu ya kukadiria, wala mashine mbili hazilingani, lakini ndiyo sababu resi fupi za hewani hazikuonyeshi chochote. Hewani unabana sekunde moja, unaachia, chumba kinajaa. Tena mnyororo ukiwa hewani hauhitaji nguvu nyingi, hivyo hata mchanganyiko wenye petroli haba huuzungusha. Mti ndio unaodai nguvu, na unadai mfululizo.

Kwa hiyo angalia saa ya tatizo, maana inasema mengi kuliko sauti. Mashine ikikohoa papo hapo unapobana resi, hata kabla ya kugusa mti, shuku skrubu ya L iliyofungwa mno. Ikianza vizuri, ikakata sekunde chache, kisha sauti ikashuka kama mtu anayeishiwa pumzi, na ukiachia resi kidogo ikafufuka, hiyo ni njaa ya petroli. Ikigugumia tangu mwanzo, ikatoa moshi mzito na plagi ikatoka nyeusi na mbichi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Hapo anza na filta ya hewa, kwa kuwa vumbi la mbao likiiziba matokeo ni hayohayo.

Halafu kuna dalili moja ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonekana kujipinga: moshi mwanzoni, kiu mwishoni. Huipata mashine ambayo kijiwavu chake kimeziba na mwenyewe keshaifungulia H. Chumba kikiwa kimejaa, skrubu iliyo wazi mno inamwaga petroli nyingi. Chumba kikikauka, hakuna cha kumwaga. Mashine hiyohiyo, ndani ya sekunde tano, inashiba kupita kiasi na kufa njaa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mashine niliyoletewa Kisauni baada ya mvua kuangusha mwarobaini uani kwa jirani. Mnyororo ulikuwa umenolewa. Ulitoa vipande vya mbao, si unga, kwa hiyo ubutu haukuwa sababu. Nilifunga H polepole nikihesabu mizunguko mpaka ikagusa mwisho bila kukazwa: karibu miwili. Kitabu cha mashine ile kilitaka mmoja.

Nilianza na jaribio lisilohitaji bisibisi. Ilipoanza kuzama nililegeza kifuniko cha tangi. Kama tundu la kupumulia la tangi limeziba, petroli inavyotoka ndani hubaki ombwe linaloivuta nyuma, na ukilegeza kifuniko husikia hewa ikifyonzwa kisha mashine inapata nafuu. Hapa haikubadilika. Nikavuta filta ya tangini kwa waya niliokunja ncha kama ndoano. Ilikuwa ya kahawia na ngumu. Kwa filta mpya mashine ilizama kwenye sekunde ya tano badala ya ya tatu. Nafuu hiyo ndogo ilinionyesha kwamba njia ilikuwa imebanwa sehemu zaidi ya moja.

Kijiwavu kipo chini ya kifuniko cha upande wa pampu, ambacho kwenye kabureta nyingi za namna hii hushikwa na skrubu moja tu. Piga picha kwa simu kila unapoinua tabaka, kwa kuwa kiwambo na gasketi vikibadilishana nafasi pampu haitafanya kazi. Wavu wenyewe ni mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kwenye mashine ile ulikuwa umefunikwa na nyuzi laini za pamba na chembe nyeusi. Pamba ilieleweka upesi: mwenyewe alikuwa akichuja petroli kwa kipande cha leso kila akimimina kutoka kwenye jerikeni, na kitambaa huacha nyuzi. Funeli yenye wavu wa chuma ingefaa zaidi.

Chembe nyeusi ndizo zilizonishughulisha. Zilikuwa mpira. Mpira wa petroli ukizeeka hukauka, na ukuta wake wa ndani huanza kumeguka. Niliuchomoa, nikaukunja pale unapopita kwenye ukuta wa tangi, na ufa ukafunguka, ufa ambao ukiwa umenyooka hauonekani kabisa. Ufa kama huo unaweza usivujishe petroli hata tone, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Sehemu hiyo ya mpira iko upande wa kufyonza, kwa hiyo badala ya petroli kutoka, hewa huingia. Pampu inavuta povu. Dalili yake ni mashine inayobadilika sauti ukiilaza upande huu na huu, au inayozidi kusumbua petroli ikipungua tangini. Lakini sili zilizochakaa za ekseli ya injini zinaweza kuleta dalili hiyohiyo, na bila kupima kwa shinikizo huwezi kuapa. Mimi hubadilisha mpira kwanza kwa sababu ni rahisi, kisha natazama kama dalili imebaki.

Nikaweka mpira mpya, nikasafisha wavu kwa dawa ya kabureta na brashi laini (waya hapana, utautoboa), nikarudisha H kwenye mzunguko mmoja. Kama ningeosha wavu na kuuacha mpira ule, baada ya siku chache za kazi chembe nyingine zingejikusanya palepale.

Kurekebisha hufanywa mwisho, injini ikiwa imepata moto na filta ya hewa ikiwa safi. Tafuta kwa L mahali ambapo mngurumo wa chini unapanda zaidi, kisha ifungue kama sehemu ya nane ya mzunguko, halafu ushushe skrubu ya tatu, ile ya kasi ya mngurumo wa chini, mpaka mnyororo usimame. Kwa H, bana resi yote hewani kwa muda mfupi. Usikilize mguno wa kukatakata, kana kwamba injini inaruka pigo moja katika mawili. Wengi huusikia mguno huo wakadhani ni kasoro, wakafunga H mpaka sauti iwe laini na kali. Ni kinyume. Mguno huo hewani maana yake kuna petroli kidogo ya ziada; ukiingiza mtini unapaswa kupotea na sauti kunyooka. Usipopotea mtini, funga kidogo, sehemu ya nane kwa wakati. Usipokuwepo hewani, fungua. Sikio linaweza kukosea, hasa kwa mashine zenye kikomo cha resi cha umeme ambacho nacho huleta mguno unaofanana, kwa hiyo mwenye kipima mizunguko akitumie na afuate idadi iliyoandikwa kwenye kitabu chake.

Uzito wa jambo hili uko kwenye oili. Pawasoo haina oili yake ya injini. Oili huja ndani ya petroli, kwa mfano mililita 20 kwa kila lita moja kwa mchanganyiko wa 1:50. Mashine yenye njaa ya petroli ina njaa ya oili pia, na wakati huohuo inachemka zaidi. Kwa hiyo ikizama mtini usiendelee kuibana ili umalize gogo. Ile ya Kisauni, kabla sijaifunga, nilitoa ekzosi na kumulika pistoni kwa tochi kupitia tundu lake. Upande huo ndio hukwaruzika kwanza. Ulikuwa na mistari miwili myembamba ya wima, isiyoshika ukucha, na mgandamizo ulikuwa bado mzuri, basi nikaifunga tukaumaliza mwarobaini jioni ileile.