Mbavu za ng'ombe kwenye oveni: saa ya ukutani haijui nyama imefika wapi

Mara ya kwanza nilipooka mbavu za ng'ombe zikiwa na mifupa yake, nilifuata hesabu inayozunguka kila jiko: dakika 20 kwa kila nusu kilo, oveni ikiwa nyuzi 180. Kipande kilikuwa cha kilo tatu, kwa hiyo nikakipa saa mbili kamili, nikitaka katikati pabaki na wekundu wa waridi. Nilipokikata, nyama ilikuwa ya kijivu kuanzia juu mpaka kwenye mfupa. Wageni walikula kwa adabu, na mchuzi uliisha haraka kuliko nyama. Kesho yake nikaenda kununua kipimajoto cha nyama.

Dhana: muda hupigwa kwa uzito

Joto huingia kwenye nyama kutoka nje kwenda ndani, na kinachoamua litachukua muda gani kufika katikati ni unene. Kipande cha mbavu tatu na cha mbavu tano vinaweza kutofautiana uzito kwa kilo mbili, lakini cha pili kimerefuka tu. Unene wao ni ule ule, na muda wao katika oveni hukaribiana. Anayepiga hesabu kwa kilo atakikausha kile kirefu, na lawama zote zitakwenda kwa muuza bucha.

Ukitaka kujua nyama imefikia wapi, uliza katikati yake. Chomeka sindano ya kipimajoto kutoka pembeni, ncha ifike kwenye kitovu cha mnofu bila kugusa mfupa wala fungu la mafuta, kwa sababu hivyo viwili vina joto lao. Kabla ya kukiamini kipimajoto, kitumbukize kwenye glasi ya barafu iliyoanza kuyeyuka: kisome 0. Usikijaribu kwa maji yanayochemka kama unakaa mwinukoni. Hapa Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na unaweza kukitupa kipimajoto kizima.

Hivi ndivyo katikati panavyobadilika, ukihesabu joto la mwisho, nyama ikiwa imeshapumzika. Kwenye nyuzi 49 hadi 52 ni nyekundu na laini kama mbichi. Ikifika 54 hadi 57 bado ni nyekundu, lakini ya moto na imeanza kushikamana. Wapenzi wengi wa mbavu huishia hapo. Kati ya 60 na 63 inakuwa ya waridi. Kwenye 65 hadi 68 waridi hubaki kama kivuli tu, na kuanzia 71 imeiva kabisa, haina wekundu wowote. Mbavu zina mafuta ndani ya mnofu, ndiyo maana huvumilia joto kubwa kuliko sarara. Ila nyama nyingi ya kwetu hutoka kwa ng'ombe wa malisho wasio na mafuta mengi, na nyama hiyo ikipita 68 hutafunika kwa kazi.

Dhana: maji mekundu ni damu

Damu ilitoka machinjioni. Wekundu unaouona sahanini ni maji ya nyama yenyewe yaliyobeba mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli. Joto linapopanda protini hiyo hubadilika, na rangi hupauka kidogo kidogo mpaka kijivu. Nimewahi kumweleza hivyo mama mkwe, akanisikiliza vizuri, kisha akaomba kipande chake kirudi jikoni.

Na hapo sikumbishia, kwa sababu kuna dhana ya pili inayojificha nyuma ya hii: kwamba ndani ya kipande kizima hakuna cha kuogopa. Kwa bakteria, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Wao hukaa juu ya nyama, na moto wa nje huwamaliza, mradi nyama haijatobolewa kwa sindano za kulainishia. Lakini tegu wa ng'ombe hatii kanuni hiyo, maana malengelenge yake hukaa ndani ya msuli. Ukaguzi wa machinjioni huyatafuta, nao unaweza kupitiwa. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri kipande kizima cha ng'ombe kifike nyuzi 63 kisha kipumzike dakika tatu zisizopungua. Kwa nyama nisiyojua ilikotoka, mimi nasimama hapo hapo kwenye 63. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa nao wasipewe iliyo chini ya hapo.

Dhana: kuunguza nje kwanza hufungia maji ndani

Wazo hili lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katikati ya karne ya 19, na halijaisha mpaka leo. Tega sikio tu. Nyama iliyokwisha kupigwa rangi ikirudi kwenye kikaango inaendelea kuchachatika, na sauti hiyo ni ya maji yanayotoka. Ganda la kahawia ni utamu na harufu, wala si kizibo. Kwa hiyo linaweza kuja mwisho, na likija mwisho kazi inakuwa nyepesi.

Juzi nilifanya hivi, tena kwa kilo tatu zile zile, mbavu tatu. Usiku nilipaka chumvi laini, vijiko sita vya chai, nikaiacha kwenye friji bila kuifunika ili uso ukauke. Saa mbili na nusu asubuhi iliingia kwenye oveni ya nyuzi 120, mifupa chini, upande wa mafuta juu. Saa tano katikati palisoma 38. Saa sita, 51. Saa sita na dakika arobaini palifika 60, nikaitoa.

Dhana: ukiitoa, imeacha kuiva

Kwa nini 60, wakati nilitaka 63? Kwa sababu sehemu ya nje ina joto kuliko katikati, na joto hilo huendelea kusafiri kwenda ndani hata nyama ikiwa mezani. Kutoka kwenye oveni ya 120 katikati hupanda nyuzi mbili hadi nne. Kutoka kwenye oveni ya 180 au 200 hupanda tano hadi nane, na bila shaka hilo nalo lilichangia kuniharibia mara ya kwanza.

Niliiacha nusu saa juu ya wavu, na foili nimeiegesha tu kwa juu. Ukiifunga foili ikabana, mvuke hulowesha uso na joto hupanda kuliko ulivyokusudia. Nyama inapotulia, maji yake huzidi kuwa mazito na hayakimbii yote kwenye ubao. Ikikatwa papo hapo, unaona dimbwi. Kipimajoto kilipanda mpaka 63 kikasimama. Wakati huo oveni ilikuwa inapanda kuelekea 250. Niliirudisha kwa dakika nane, ganda likawa la kahawia na mafuta yakawa yanachemka juu yake. Baada ya hapo haikuhitaji kupumzishwa tena, kwa kuwa moto wa dakika nane haukufika mbali.

Nilipitisha kisu kando ya mifupa, nikaitoa yote mitatu kwa pamoja, kisha nikakata mnofu vipande vya unene wa kidole. Vile vya miishoni huiva kuliko vya katikati. Viwili nilivichovya kwenye mchuzi uliokuwa ukichemka, dakika moja, mpaka waridi lote likaisha. Mama mkwe alivimaliza vyote viwili, kisha akauliza mifupa imekwenda wapi.