Mimba zabibu: kipimo chasema huna mimba na tumbo linakua

Swali: Dada, shogaangu hapa Malindi ana wiki 11, tumbo lake kama la miezi 4, anatapika mpaka basi na ametoka damu ya kahawia. Kipimo cha mkojo mwanzo kilionyesha mimba, sasa hivi kinasema hana. Watu washaanza kusema ni jini, kuna nini?

Jibu: Jini muacheni jamani. Hizo dalili zote zanipeleka kwa mimba zabibu, akapigwe altrasaundi leo leo. Yaani yai liko tupu, halina vinasaba vya mama, mbegu ya baba ikaingia ikajirudufu yenyewe (mara nyingine zaingia mbili). Sasa vinasaba vya baba ndo vinavyosukuma zaidi kondo la nyuma, basi mtoto hakuna na kondo linakua ovyo, vinyweleo vyake vinajaa maji mpaka vinakuwa vishada vya zabibu, si zile kavu za pilau, zile mbichi zenye maji.

Swali: Lakini kama mtoto hayupo, mbona kutapika?

Jibu: Kutapika kunaletwa na hCG, ile homoni ya mimba, nayo haitoki kwa mtoto, inatoka kwa seli za kondo, na hapa seli hizo ni nyingi kupita kiasi. Mimba zabibu ya namna hii isiyo na mtoto kabisa, hCG ya damu mara nyingi hupita 100,000 mIU/mL, huyu akikutwa na nyingi zaidi ya hapo mimi sitoshangaa.

Na kipimo ndo kilidanganya kwa sababu hiyohiyo. Ule mstari unatokea homoni moja ikishikwa na mikono miwili ya kipimo, huku na huku. Homoni zikizidi mno, kila mkono unashika yake, hakuna cha kuunganisha, mstari hautokei. Maabara wakiuchanganya mkojo uleule na maji mengi wakapima tena, mstari unarudi! Ila jibu la kuaminika ni hCG ya damu wakijua wanatafuta nini, maana hata mashine yaweza kudanganyika hivyohivyo.

Swali: Na damu yatoka wapi?

Jibu: Vile vishada vikivimba vinabanduka kwenye ukuta wa kizazi, mishipa inabaki wazi. Damu inakaa ndani siku kadhaa ikiiva, ikitoka iko kama maji ya ukwaju, na pengine na vipunje vya maji ndani yake. Akiona vipunje avibebe kwa chombo awaonyeshe daktari. Ikibadilika ikawa nyekundu inayolowesha pedi, au moyo unamwenda mbio, hapo ni emajensi.

Swali: Wakishamsafisha, amemaliza?

Jibu: Bado. Kizazi husafishwa kwa mashine ya kufyonza, halafu hCG inapimwa kila wiki mpaka iwe kawaida mara 3 mfululizo, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa, daktari atamwambia mingapi. Ikigoma kushuka au ikipanda, kuna seli zimebaki na hizo hutibiwa kwa dawa za saratani, na wengi sana hupona. Kwa hiyo muda huo atumie uzazi wa mpango, akishika mimba nyingine hCG itapanda na hakuna atakayejua ni mimba au ni mabaki.