Je, wajua? Kwa nini asilimia 2 ya akselerometa ndiyo inayoshinda

"Kwenye programu ya roboti ya magurudumu mawili nimeona pembe ya kuinama ikikokotolewa kwa 0.98 ya jairoskopu na 0.02 ya akselerometa. Kama akselerometa inaaminiwa asilimia 2 tu, si bora kuitoa kabisa?"

Ukiitoa, roboti itaanza kuinama polepole yenyewe, na baada ya muda mfupi itaanguka ikiwa na hakika kwamba imesimama wima. Namba hizo mbili si kura. Zinagawa muda: kwa takriban nusu sekunde ya kwanza neno la jairoskopu ndilo linalosikika, na kadiri muda unavyosonga akselerometa ndiyo inayoamua.

Tuchukue chipu ya MPU-6050, inayobeba sensa zote mbili na kuunganishwa sana na Arduino Uno. Jairoskopu yake inapima kasi ya kugeuka, kwa digrii kwa sekunde. Ili upate pembe, unazidisha kasi hiyo kwa muda uliopita, kisha unajumlisha kila mara. Kasoro ni kwamba hata ikilala mezani haisomi sifuri kamili. Tuseme inasoma digrii 2 kwa sekunde. Ndani ya dakika moja utakuwa umejumlisha digrii 120 ambazo hazipo. Mtengenezaji mwenyewe anaruhusu chipu mpya ikosee hadi digrii 20 kwa sekunde, upande wowote. Unaweza kupima kosa hilo wakati wa kuwasha na kulitoa, lakini chipu ikipata joto kosa linabadilika tena.

Akselerometa haina ugonjwa huo. Ikiwa imetulia, inahisi uzito unaotokana na mvutano wa dunia, na mwelekeo wa uzito haubadiliki leo wala kesho. Ila haiwezi kutofautisha uzito na msukumo. Mota ikiisukuma kando kwa nguvu ya sehemu 0.2 tu ya uzito, itadai kwamba imeinama digrii 11 ilhali imekaa sawa.

Hesabu inayoziunganisha ni fupi kiasi cha kuingia kwenye Uno bila taabu, ingawa kichakataji cha Uno R3 hakina sehemu maalumu ya kukokotoa desimali. Hapa `gx` ni kasi ya jairoskopu kwa digrii kwa sekunde, na `ay` na `az` ni vipimo vya akselerometa:

```cpp
unsigned long sasa = micros();
float dt = (sasa - awali) * 1e-6;
awali = sasa;
float pembeA = atan2(ay, az) * 57.2958;
pembe = 0.98 * (pembe + gx * dt) + 0.02 * pembeA;
```

Mstari wa mwisho ndio unaopotosha. Ukiusoma haraka unaonekana kama wastani wa pembe mbili, moja yenye uzito wa 98 na nyingine wa 2. Lakini angalia vizuri kilichozidishwa kwa 0.98: si pembe ya jairoskopu peke yake. Ni `pembe` ya mzunguko uliopita, ambayo akselerometa ilikwisha kuirekebisha, ikaongezwa mgeuko mdogo uliotokea sasa hivi. Jairoskopu inachangia ule mgeuko tu. Na ile 0.02 hairekebishi mara moja ikanyamaza. Programu ikizunguka mara 100 kwa sekunde, kila mzunguko unapunguza asilimia 2 ya tofauti iliyopo kati ya `pembe` na akselerometa. Baada ya mizunguko 100 kinachobaki ni 0.98 kwa kipeo cha 100, yaani takriban 0.13. Kwa hiyo ndani ya sekunde moja tu, asilimia 87 ya tofauti imekwisha kufutwa na sensa iliyodhaniwa kuwa na sauti ndogo.

Fikiria ndoo yenye tundu dogo chini. Kimo cha maji ni tofauti kati ya `pembe` na kile inachosema akselerometa. Jairoskopu inamimina maji, na ile 0.02 ndiyo tundu. Ukimwaga maji mengi ghafla, kimo kinapanda papo hapo, kwa sababu tundu halijapata muda wa kuyatoa. Hivyo ndivyo roboti inavyojua mara moja kwamba imesukumwa. Lakini kosa la kudumu la jairoskopu ni bomba linalodondoka bila kukoma. Maji yanapanda kidogo, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyovuja zaidi, hadi yanayoingia yanalingana na yanayotoka. Hapo kimo kinasimama.

Kinasimama wapi? Kosa la digrii 2 kwa sekunde linaongeza digrii 0.02 katika kila mzunguko wa sekunde 0.01. Tundu linatoa asilimia 2 ya kimo. Viwili hivyo vinalingana kimo kikiwa karibu digrii 1. Kwa hesabu kamili ni 0.98. Kosa ambalo lingefika digrii 120 kwa dakika sasa limefungwa kwenye digrii moja, na halitazidi hapo hata roboti ikisimama siku nzima. Mstari mmoja wa hesabu umefanya hivyo, na kwangu hilo bado linashangaza.

Upande wa pili nao una kinga, ila ina mpaka. Ule msukumo wa kando uliozua digrii 11 za uongo ukidumu sehemu ya kumi ya sekunde, ni mizunguko 10 tu, na `pembe` inapotoka kwa digrii 2 hivi. Ukidumu sekunde nzima, inapotoka karibu digrii 10. Kwa hiyo njia hii inafaa roboti inayotikisika huku na huku, na inadanganyika kwenye gari linalokata kona ndefu. Pia haisaidii kitu kwenye kugeuka kushoto na kulia juu ya ardhi tambarare, kwa sababu mgeuko huo haubadilishi mwelekeo wa uzito, na akselerometa haina cha kusahihisha.

Muda unaogawa kazi hiyo hupatikana kwa `tau = 0.98 * dt / 0.02`. Kwa `dt` ya 0.01 ni sekunde 0.49. Ukinakili 0.98 hiyohiyo kwenye programu inayozunguka mara 500 kwa sekunde, `tau` inashuka hadi karibu sekunde 0.1, na mitikisiko ya mota inaanza kupenya. Ni salama zaidi kuchagua `tau` kwanza, kisha kukokotoa namba inayokaa mahali pa 0.98, `alfa = tau / (tau + dt)`; mahali pa 0.02 panakaa `1 - alfa`.

Kujua kama umekosea, inamisha bodi haraka hadi digrii 40, ishike hapo, na utazame namba. Ikiruka hadi karibu 40 na kutulia, mambo ni sawa. Ikienda kwanza hasi 40 kisha ikarudi polepole hadi 40, alama ya `gx` imegeuzwa. Ikifika 20 tu kisha ikajikokota hadi 40, huenda uliandika `dt` kwa mkono badala ya kuipima kwa `micros()`, na uliyoiandika ni nusu ya ile halisi. Mara nyingi chanzo ni `Serial.print`: kwa kasi ya 9600 bandari inapitisha herufi 960 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mstari wa herufi 20 unakula takriban milisekunde 21 kila mzunguko mara akiba ya bandari inapojaa. Pandisha hadi 115200, au chapisha mara moja katika kila mizunguko 20.