Bia kwa lita, vocha kwa asilimia: kodi ipi inambana nani?

Kazi yangu ni kuchambua kodi, na kila bajeti ikisomwa watu wananiuliza kwa nini hapa Tanzania bia inatozwa ushuru kwa lita halafu huduma za simu kwa asilimia, wakati vyote ni ushuru wa bidhaa. Wengi wanaona ni njia mbili za kufika palepale. Ingekuwa hivyo kama wauzaji wangekuwa kibao na hakuna anayeweza kuyumbisha bei, ila soko likiwa na kampuni mbili tatu, kila moja inaamua izalishe kiasi gani huku inapigia hesabu mwenzake atatoa kiasi gani (ndo ushindani alioueleza Cournot mwaka 1838), matokeo yanatofautiana sana.

Chukua kampuni mbili. Bei ya kreti ni 120 kutoa idadi ya kreti zote zilizoingia sokoni, na kutengeneza kreti moja kunagharimu 30. Bila kodi kila kampuni inatoa kreti 30, bei inakaa 60. Weka ushuru wa 30 kwa kila kreti: kila moja inashuka mpaka 20, bei inapanda 80, serikali inapata 1,200 na kila kampuni inabaki na faida ya 400. Sasa futa huo, toza 50% ya bei ya mnunuzi. Bei 80 vilevile, kreti 40 vilevile, lakini serikali inakusanya 1,600 na faida kwa kila kampuni ni 200 tu. Mnunuzi hajaona tofauti yoyote, zile 400 za ziada za serikali zimetoka kwenye faida ya kampuni zote mbili.

Sababu ni hii: nguvu ya kampuni hizi ni kubana mzigo ili bei ipande. Kwenye ushuru wa kreti, bei ikipanda shilingi moja, yote ni ya kampuni. Kwenye asilimia serikali inachukua nusu yake, kwa hiyo kubana mzigo hakulipi kama zamani.

Mi napenda kuigeuza hesabu: kama serikali inataka zilezile 1,200, asilimia 35 inatosha, inaleta kama 1,219, na bei inakuwa karibu 71 badala ya 80, kreti zinafika 49 hivi.

Lakini asilimia ina pa kuteleza. Kampuni inaweza kuiuzia kampuni dada kwa bei ya chini kiwandani, kama ushuru unahesabiwa hapo basi umeyeyuka, wakati lita ni lita tu, haidanganyiki kirahisi hivyo. Halafu kuna gharama zisizobadilika. Tuseme kila kiwanda kina mzigo wa 300, kwa ile 50% faida ya 200 haiubebi, mmoja anafunga, anayebaki anatoa kreti 30 peke yake na bei inaruka mpaka 90. Kwa 35% faida ni kama 394 kabla ya huo mzigo, wote wawili wanabaki.