Dar ilivyokua: ramani inaonyesha nyumba, sensa inaonyesha watu

Mtu akiniuliza nani aliishi wapi Dar es Salaam ya zamani, mi naanza na ramani ya mitaa, sensa inafuata. Angalia katikati ya mji: upande wa bahari ya mashariki, kuanzia bandarini kuelekea Ocean Road, viwanja ni vikubwa, miti mingi, nyumba zimeachana, hapo ndo Uzunguni. Ukisogea magharibi viwanja vinabanana, duka chini na makazi juu, hiyo ni Uhindini. Halafu ghafla unakuta eneo wazi, Mnazi Mmoja, na ng'ambo yake Kariakoo, mitaa imenyooka kama imepigwa rula. Ule uwazi haukutokea tu, uliachwa makusudi miaka ya 1920 kutenganisha Waafrika na wengine.

Sasa hapa watu wengi wanapita haraka. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891, na hata zile kanda tatu za Waingereza baadaye, kwenye maandishi zilipanga aina ya nyumba: huku majengo ya Kizungu tu, kule vibanda vinaruhusiwa. Gharama ya ujenzi ndo ikafanya kazi ya kuchuja watu. Kwa hiyo ramani inakwambia nyumba gani ilitakiwa pale, haikwambii nani alilala ndani, na hapo ndo unahitaji sensa. Uzunguni utakuta Waafrika kwenye hesabu, maboi na wapishi wanaolala vyumba vya uani, wakati ukiangalia ramani peke yake utaapa ni Wazungu watupu.

Kariakoo ni kinyume chake. Kwenye ramani kiwanja kimoja ni nyumba moja, ila nyumba ya Kiswahili ina korido katikati na mara nyingi vyumba sita, na kila chumba kinaweza kuwa na mpangaji wake. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,277 mjini, ya 1957 ikahesabu 128,742, yaani karibu mara mbili ndani ya miaka tisa, lakini mistari ya mitaa ya Kariakoo ni ileile. Sehemu ya watu wale waliingia vyumbani, wengine wakaenda Ilala, Magomeni na Temeke, ambako unaona ramani ikitanuka kweli.

Ila kabla hujalinganisha miaka miwili angalia mpaka wa mji kwanza, maana mpaka ukisogezwa vijiji vya pembeni vinaingia kwenye hesabu na utadhani watu wamehamia wakati walikuwepo siku zote. Mi huwa nachukua kata ambayo mpaka wake haujaguswa, nagawa watu kwa idadi ya nyumba, nikiona wastani umepanda na nyumba hazijaongezeka najua ni msongamano. Na kwa asili ya watu, mwisho ni 1967, mji ukiwa na watu 272,821, kwa sababu sensa zilizofuata hazikuuliza tena kabila.