Kwa nini pesa yangu ikiingia benki wanaiita krediti? Na kolamu moja inagawanywaje

"Statimenti yangu imekuja na kolamu moja tu ya kiasi, mingine ina minus mingine haina. Nazitenganishaje ziwe debiti na krediti, na minus inaenda upande gani?"

Kwenye akaunti ya kawaida ya akiba au ya biashara minus inaenda debiti, isiyo na minus inaenda krediti, na ukishahamisha unaifuta minus kwa sababu kolamu yenyewe ndo imeshabeba habari ya kwamba pesa imetoka. Ni hivyo tu, kazi ya dakika mbili. Ila mimi niliikosea kwa kujiamini kabisa, nikampelekea mama mdogo wangu wa Newala kazi iliyopinduka chini juu, kwa hiyo ngoja nianzie hapo.

Mama mdogo ana shamba la korosho, na msimu ule pesa ya mnada ilikuwa imeingia kwenye akaunti yake akataka kujua imeishia wapi. Mimi kichwani nilikuwa na somo la bukkiping la sekondari: keshi ikiingia unadebiti, keshi ikitoka unakrediti. Basi nikaweka malipo ya korosho debiti na bati alizonunua nikaweka krediti, nikajiona mhasibu. Akaniambia "mwanangu, mbona kwenye karatasi ya benki imeandikwa kinyume?" Nikamjibu benki ndo wamekosea. Naam, nilisema hivyo kweli.

Benki hawakukosea, na somo nalo halikukosea. Tatizo langu ni kwamba sikuwahi kujiuliza daftari ni la nani. Chukua mfano wa ghala, sisi wa huku tunaujua. Unapeleka gunia 10 za korosho ghalani, unapewa stakabadhi. Kwenye daftari lako nyumbani unaandika "nadai ghala gunia 10". Mwenye ghala naye kwenye daftari lake anaandika "nadaiwa gunia 10 na fulani". Gunia ni zilezile, ila kwako ni mali na kwake ni deni. Ukipeleka tano zaidi, wewe mali imeongezeka na yeye deni limeongezeka. Sasa kama kila mmoja ana ukurasa wenye pande mbili, kushoto cha kudai na kulia cha kudaiwa, gunia zako tano zinaandikwa kushoto kwako na kulia kwake, kwa wakati mmoja, na wote wawili mko sahihi.

Benki ndo huyo mwenye ghala. Pesa uliyoweka ni deni lake kwako, kwa hiyo ikiongezeka anaandika upande wa deni lake, ambao ni krediti. Ukitoa, deni lake kwako limepungua, anadebiti. Na statimenti ni kopi ya ukurasa wako kutoka kwenye daftari LAKE, sio lako. Kwa hiyo ukigawa statimenti unabaki na lugha ya benki, na ukija kuandika kwenye vitabu vyako mwenyewe vichwa vya kolamu vinabadilishana. Kiasi hakibadiliki hata shilingi.

Halafu lile wazo kwamba debiti ni mbaya na krediti ni nzuri litupe kabisa. Ni pande mbili tu, kama kushoto na kulia. Neno debiti asili yake ni Kilatini cha kudaiwa na krediti ni cha kuamini. Wafanyabiashara wa Venis walishakuwa wanaandika pande mbili kabla mwanahisabati wa Italia Luca Pacioli hajauchapisha utaratibu huo mwaka 1494. Kuna maelezo kwamba walipenda pande mbili kwa sababu namba hasi zilikuwa hazijazoeleka, nami nayaona yana mantiki, ila nisingeapa kwamba ndo sababu pekee. Hata ile herufi r kwenye Dr, kifupi cha debiti, ambayo haimo ndani ya neno debit, watu wanabishana mpaka leo imetoka wapi.

Tuje kwenye kazi. Namba za mama mdogo nimezibadilisha ila sura ni ileile. Salio la kuanzia ni 1,240,000, na kiasi kipo kolamu C:

```
korosho mnada      3,850,000
kutoa wakala        -500,000
makato                -4,500
bati              -1,200,000
kutuma              -320,000
kutuma, imerudi      320,000
```

Salio la mwisho kwenye statimenti ni 3,385,500. Fomula za Excel ni hizi, unaziandika mstari wa kwanza kisha unaziburuta mpaka chini:

```
D2: =IF(C2<0,-C2,"")
E2: =IF(C2>0,C2,"")
```

D ni debiti, E ni krediti. Ile minus mbele ya C2 ndo inageuza -500,000 kuwa 500,000. Ukijumlisha unapata debiti 2,024,500 na krediti 4,170,000. Unapima hivi: salio la kuanzia, jumlisha krediti, toa debiti. 1,240,000 + 4,170,000 − 2,024,500 = 3,385,500. Imekubali. Mimi kule mwanzoni ningefanya kipimo hiki ningepata hasi 905,500 wakati karatasi inasema mama mdogo ana zaidi ya milioni tatu, ningeacha kuwalaumu watu wa benki.

Kipimo hiki ndo kinachokuokoa pia kwenye statimenti za ajabu ajabu, maana sio zote zinatumia minus kwa maana ya kutoka. Akaunti ya mkopo inaweza kuja imepinduka, nyingine wanaweka mabano, nyingine minus inakaa nyuma kama 500,000- na nyingine hawaweki alama kabisa wanaandika DR au CR pembeni. Usikariri kwamba minus ni kutoka, chukua mstari mmoja unaoujua kwa hakika, mfano ile siku ulitoa pesa kwa wakala, uone salio lilipanda au lilishuka.

Sasa kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, ingawa siku kilipotokea sikucheka. Nilikopi miamala kutoka kwenye PDF nikapesti, nikaweka fomula zilezile, na mstari wa bati ukatokea kolamu ya KREDITI, na minus yake juu. Yaani minus inaonekana kwa macho lakini Excel inaapa kwamba ni kubwa kuliko sifuri. Nikaandika upya fomula mara tatu, haikuwa na kosa.

Sababu ni hii. Kuna kistari cha kibodi, na kuna alama nyingine ya kutoa ya wachapaji, imefanana sana ila ni herufi tofauti kabisa. Excel ikikuta ile ya pili inaona hayo ni maneno, sio namba. Na Excel ikiambiwa ilinganishe maneno na namba ina kanuni yake: maneno siku zote ni makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo kwake "−1,200,000" ni kubwa kuliko 0 kama vile neno "ndizi" lilivyo kubwa kuliko 0. Inaenda krediti. Halafu SUM inayaruka maneno bila kusema kitu, kwa hiyo mstari umekaa kwenye kolamu ila kwenye jumla haumo. Ukitumia =MAX(C2,0) badala ya IF ndo mbaya zaidi, unapata sifuri safi na hakuna hata cha kukushtua.

Kuzijua ni rahisi kidogo, kama hujapanga seli mwenyewe, namba zinaegemea kulia na maneno yanaegemea kushoto. Au andika =ISTEXT(C2) uone wapi inasema TRUE. Dawa yake, kwenye kolamu ya pembeni:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(C2,UNICHAR(8722),"-"))
```

8722 ndo namba ya ile alama ya wachapaji. Ikigoma bado, mara nyingi kuna nafasi isiyoonekana iliyojificha ndani, ambayo ni CHAR(160), nayo unaiondoa kwa SUBSTITUTE hivyohivyo. Ikishakuwa namba, zielekeze fomula za D na E kwenye hiyo kolamu mpya.

Kuna kaujanja ka wahasibu ka kujua kosa ni la aina gani kabla hujaanza kupekua. Angalia tofauti kati ya salio ulilopata na la statimenti. Kwa ule mstari wa bati debiti zangu zilikuwa 824,500 na salio likaja 4,585,500, yaani limezidi kwa 1,200,000 kamili, bei ya bati. Mstari ukipotea kwenye jumla, tofauti ni sawa na mstari wenyewe. Ila mstari ukiwa namba halali halafu umekaa upande usio wake, tofauti ni mara mbili yake. Tuseme ile 320,000 iliyorudi nimeiandika debiti kwa mkono, salio linakuja 2,745,500, limepungua kwa 640,000.

Kwa nini mara mbili? Fikiria mizani ya sahani mbili iliyotulia sawa, kila upande kilo tano. Ukitoa jiwe la kilo moja sahani ya kulia ukalitupa chini, kushoto kumezidi kwa kilo moja. Ukilitoa kulia ukaliweka kushoto, sasa kulia kuna nne na kushoto sita, tofauti ni mbili. Jiwe ni lilelile, ila limepungua huku na kuongezeka kule. Kwa hiyo gawa tofauti kwa mbili, kisha tafuta namba hiyo kwenye orodha. Haifanyi kazi vizuri kama makosa ni mawili au matatu yaliyochanganyika, hapo inabidi ushuke mstari kwa mstari ukilinganisha na salio la kila siku.

Kitu cha mwisho, hiyo 320,000 iliyorudi. Mama mdogo alituma, muamala ukakwama, ukarudishwa. Usiifute mistari hiyo miwili eti imeuana, iache, moja debiti moja krediti, ndivyo ilivyo kwa benki. Lakini usije ukachukua jumla ya krediti, 4,170,000, ukasema hayo ndo mapato ya korosho. Mapato ni 3,850,000. Mimi nilisema 4,170,000 mbele ya wajomba, na mmoja wao alikuwepo mnadani.